Mkate mmoja kwenye chaneli tatu

Shangazi yangu anaishi Unguja, na watu humjua kwa mapishi yake ya YouTube. Mimi ndiye ninayemrekodi, kumkatia video na kuzipandisha. Kazi hiyo hiyo namfanyia binamu yangu mwenye duka la viungo Mombasa, na dada yetu aliyeolewa Muscat, ambaye chaneli yake inawafundisha Kiswahili watoto waliozaliwa huko. Akaunti ni za watu watatu, ila nywila zote ninazo mimi, na uvivu ni wangu pia.

Wiki moja kabla ya Ramadhani tulirekodi mkate wa kumimina. Video ilitoka nzuri, dakika 9 na sekunde 40, mwanga wa asubuhi ukiingia kwa dirisha la jikoni na shangazi kavaa kanga yake mpya. Niliipenda hata nikaona ni hasara kuiweka mahali pamoja tu. Binamu anauza hamira na hiliki, basi imfae. Dada anataka watoto wasikie Kiswahili cha jikoni, basi imfae na yeye. Usiku ule nikaipandisha kwenye chaneli zote tatu, moja baada ya nyingine, ndani ya saa moja.

Kichwa kilikuwa kimoja: "MKATE WA KUMIMINA LAINI SANA | MAPISHI YA ZANZIBAR | RAMADHANI". Maelezo nayo nilinakili vilevile, yakianza na "Karibuni tena jikoni kwetu, usisahau kulaiki, kukomenti na kusabskraibu". Picha ya kava ilikuwa moja, mkate uliokatwa vipande juu ya sahani ya maua. Tagi zilikuwa zile zile, tena hata sikuziandika, kwa sababu nilikwishaziweka kwenye "Upload defaults" za kila chaneli ili zijijaze zenyewe. Nikalala nikijiona mjanja.

Siku ya tatu nikafungua dirisha la siri la kivinjari, lile lisilokumbuka wewe ni nani, nikaandika "mkate wa kumimina". Nakala ya Muscat, kwenye chaneli yenye wafuasi wachache kuliko zote, ilikuwa juu. Ya shangazi ilikuwa chini yake kwa mbali. Ya Mombasa sikuiona. Kesho yake nikarudia, zimebadilishana nafasi, na zote mbili zimeshuka. Wapishi wengine, ambao mkate wao hata haukuumuka vizuri, walikuwa juu yetu.

Nilichukua muda kuelewa kilichotokea, ingawa YouTube wenyewe hawafichi jinsi wanavyopanga majibu ya utafutaji. Wanaangalia kama kichwa, maelezo, tagi na video yenyewe vinaendana na kile mtu alichoandika, kisha wanaangalia watazamaji wanafanya nini wakishafika: wanabofya, wanakaa muda gani. Sasa, nakala zangu tatu zilikuwa na maneno yale yale. Kwa upande wa maneno hakuna iliyokuwa na cha ziada. Kilichobaki ni watazamaji, na hao nilikuwa nimewagawa mimi mwenyewe mafungu matatu. Muda wa kutazama ambao ungekusanyika kwenye video moja ulikuwa umetawanyika, na kila nakala ilionekana kama video ya kawaida isiyopendwa sana.

Kuna na jambo la kava. Mtu aliyekwisha kuutazama mkate kwa shangazi, akiletewa ule wa Muscat wenye picha ile ile na kichwa kile kile, anapita. Kwake ni video aliyokwishaiona. Kwa chaneli ya Muscat huyo ni mtu aliyeonyeshwa video asiibofye. Wakiongezeka wa namna hiyo, asilimia ya wanaobofya inashuka, na ukifungua YouTube Studio unaiona ikishuka bila kujua sababu, maana wewe unajua video ni nzuri.

Maswali nayo yakatawanyika. Mama mmoja aliuliza kwenye nakala ya Mombasa kama unga wa mchele wa dukani unaweza kutumika badala ya kuloweka mchele. Shangazi alikwishajibu swali hilo hilo kwa urefu, ila kwenye nakala yake. Yule mama hakuliona jibu. Lililouma zaidi lilikuwa la Muscat, ambako mtazamaji aliandika: "Mwizi, hii ni ya bibi wa Unguja, nimeiripoti." Dada akanipigia simu hana raha. "Kaka, mimi nimemwibia nani? Si shangazi yangu huyo?"

Hapo nikafanya upuuzi ambao nadhani watu wengi huufanya, kwa sababu kwenye magrupu ya WhatsApp ya watengeneza video ndio unaoshauriwa kila siku. Nilidhani tatizo ni faili. Nikaambiwa kila faili lina metadata ndani yake, na mfumo ukiona metadata zimefanana unajua ni nakala. Basi nikaikagua:

```
ffprobe -v error -show_entries format_tags kumimina.mp4
```

Kweli kulikuwa na vitu: tarehe ya kurekodi, aina ya programu iliyotumika, na, jambo lililonishtua, mahali pa kurekodia kwa latitudo na longitudo. Nikayafuta yote:

```
ffmpeg -i kumimina.mp4 -map_metadata -1 -c copy kumimina_safi.mp4
```

Amri hiyo inanakili picha na sauti bila kuvigusa na kuacha maandishi ya ndani nyuma. Inafanya kazi, na mpaka leo naitumia, lakini kwa sababu nyingine kabisa: sitaki faili lenye ramani ya nyumba ya shangazi lizunguke mitandaoni. Kwa suala la kufanana haikusaidia chochote. Mifumo inayotambua nakala inalinganisha picha na sauti zenyewe, kama unavyomtambua jirani yako hata akibadili shati. Jina la faili, tarehe na maandishi ya ndani ni shati tu.

Sikukoma. Nikasoma mahali pengine kwamba ukigeuza video kama kwenye kioo, kulia kuwe kushoto, mfumo unapotea. Nikaigeuza nakala ya Muscat na kuipandisha upya. Asubuhi simu ya kwanza ilitoka kwa shangazi.

"Mwanangu, mbona mkono wangu umekuwa wa kushoto?"

Nikamwambia ni mambo ya kompyuta. Akaniambia watu wa Muscat watasema bibi kazeeka sasa anawalisha kwa mkono wa kushoto. Nikatazama tena, na kibaya zaidi kilikuwa kanga. Jina la kanga lote lilisomeka kinyumenyume, kama maandishi ya gari la wagonjwa. Mtu yeyote wa pwani jicho lake huenda kwenye jina la kanga kabla ya kwenda kwenye sufuria. Maoni ya siku ile hayakuuliza habari za mkate hata kidogo. Niliitoa kabla ya adhuhuri.

Jambo lililonifanya niache kabisa mchezo wa kujificha lilitokea kwenye chaneli ya shangazi. Yake imo kwenye mpango wa kulipwa, na chaneli za aina hiyo zina ukurasa wa hakimiliki ndani ya Studio unaoorodhesha video za watu wengine zilizo sawa au karibu sawa na zako. Nilipoufungua, nakala ya Mombasa ilikuwa imekaa pale, pamoja na kitufe cha kuomba iondolewe. Ile ya Mombasa nilikuwa nimeikata sekunde kumi za mwanzo na kubadilisha jina la faili. Haikujali. Ingekuwa mtoto wa shangazi ndiye aliyefungua ukurasa ule siku hiyo bila kuniuliza, angebonyeza, na duka la binamu lingepata onyo la hakimiliki kutoka kwa shangazi yake mwenyewe.

Niliwapigia wote watatu nikakiri. Binamu alisikiliza, kisha akasema kitu ambacho kwake kilikuwa malalamiko tu.

"Halafu hata jina ulilotuwekea si letu. Huku kwetu watu wakija dukani wanasema mkate wa sinia. Mkate wa kumimina ni maneno ya Unguja."

Nikanyamaza. Siku zote nilikuwa nikijiuliza nifanyeje ili nakala tatu zisionekane zimefanana, wakati wenye akaunti hawakufanana tangu mwanzo. Anayemtafuta shangazi anataka vipimo. Mteja wa duka la Mombasa ameshapika mkate wa sinia mara mia, shida yake ni kwamba jana umegoma kuumuka. Mtoto wa Muscat hatapika chochote. Anataka kujua "loweka" ni nini, na mbona bibi anasema "tui" na si "maziwa". Hayo ni maswali matatu, na kila swali lina maneno yake ambayo mtu anayaandika kwenye kisanduku cha kutafutia.

Kwa hiyo nikachukua karatasi, kwa kalamu kabisa, nikachora mistari. Kwa kila akaunti niliandika vitu vinne tu: swali la mtazamaji kwa maneno yake mwenyewe, maneno matatu ya kwanza ya kichwa, mistari miwili ya kwanza ya maelezo, na kipande gani cha video kitakuwa kava. Nikajiwekea sheria kwamba hakuna kisanduku cha safu moja kinachoruhusiwa kufanana na cha safu nyingine. Vingine vyote, tagi na hashtegi, nikavipa dakika tano. YouTube wenyewe wanasema tagi zina mchango mdogo sana katika kugunduliwa kwa video, isipokuwa pale ambapo jina la kitu hukosewa mara kwa mara tahajia. Watu hubishana sana juu ya tagi kwa sababu ni rahisi kuzijaza.

Kabla ya kuandika chochote kipya ilibidi niamue ipi ni nakala mama. Nikachagua ya shangazi, kwa kuwa ndiye mpishi na chaneli yake ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuipokea usiku ule. Hilo la kuwa wa kwanza lina uzito, maana ukurasa ule wa hakimiliki unamtambua aliyetangulia kupandisha. Tangu hapo video yoyote hukaa kwa mwenyewe angalau siku mbili kabla kipande chake hakijaenda kwingine.

Faili la YouTube huwezi kulibadilisha ukabaki na kiungo kile kile, lakini kichwa, maelezo na kava unavibadilisha wakati wowote na idadi ya watazamaji haipotei. Nakala mama basi niliiacha pale pale, nikaibadilisha nguo. Kichwa kikawa: "Mkate wa kumimina wa mchele na tui: vipimo kwa kikombe". Herufi kubwa zote nikazitoa. Kichwa kina nafasi ya herufi 100, ila kwenye simu kinakatwa mapema, kwa hiyo jina la mkate likatangulia. Maelezo yana nafasi ya herufi 5,000, na hakuna anayezisoma. Inayoonekana kabla mtu hajabonyeza ni mistari ya mwanzo tu, na mimi nilikuwa nimeipoteza kwa kukaribisha wageni. Sasa ikaanza hivi: "Vikombe 2 vya mchele uliolowekwa usiku kucha, kikombe 1½ cha tui zito, robo tatu kikombe ya sukari, hamira, hiliki na ute wa yai moja." Mtu anayetafuta vipimo amevipata kabla hata ya kubofya, na ajabu ni kwamba ndipo anapobofya, aone mkono.

Kisha nikaweka sura za video. Zinaandikwa ndani ya maelezo, lazima ya kwanza ianze na 00:00, ziwe tatu au zaidi, na kila moja idumu sekunde kumi au zaidi:

```
00:00 Mchele uliolala majini
01:35 Kupima hamira kama ingali hai
03:10 Kusaga kwa tui
05:20 Kusubiri uumuke
06:45 Kumimina na kufunika
```

Kwa chaneli ya YouTube ya duka nilifanya jambo ambalo mwanzoni binamu alilikataa: niliitoa nakala yake. Nilimweleza kwamba anaweza kuiweka video ya shangazi ndani ya orodha yake ya kucheza, ikaonekana kwenye ukurasa wake wa mbele, na kila anayeitazama pale anahesabika kwenye ile moja. Kinachouzwa na binamu ni hamira, video ni njia tu ya kufikia hamira. Akasema, "Lakini watazamaji si wangu." Nikamuuliza watazamaji waliokuja na nakala ya kwanza walinunua nini. Akacheka.

Wateja wake wako Instagram. Huko nikakata kipande cha sekunde 55 tu, ile sehemu ambayo shangazi anaweka hamira kwenye maji ya uvuguvugu na sukari kidogo na kusubiri dakika kumi aone kama itatoa povu. Nikarekodi sauti ya binamu juu yake, kwa Kimvita chake. Instagram haina kichwa, mstari wa kwanza wa maelezo ndio unaofanya kazi ya kichwa, nao ukawa: "Mkate wa sinia umegoma kuumuka? Hamira yako imekufa, ijaribu hivi." Kava ni bakuli la povu. Mkate wenyewe hauonekani kabisa mpaka sekunde za mwisho. Ukiziweka nakala hizi mbili sambamba, mtu asiyetujua hawezi kudhani zimetoka siku moja.

Kipande kile nilikitoa moja kwa moja kwenye programu ya kuhariri, safi. Zamani nilikuwa nadownlodi video kutoka TikTok na kuihamishia Instagram na alama ya TikTok ikiwa bado inarukaruka pembeni. Instagram walisema tangu 2021 kwamba video zenye alama za programu nyingine hazitapendekezwa sana kwenye Reels, na mwaka 2024 wakaongeza kwamba wakikuta machapisho mawili yanayofanana kabisa, watapendekeza lile la asili tu. Kwa hiyo siku duka linapotaka kuonyesha video ya shangazi kama ilivyo, bila cha kuongeza, hatutengenezi chapisho la pili. Shangazi anachapisha, anamwalika binamu kuwa mshirika wa chapisho, na chapisho moja linaonekana kwenye kurasa zote mbili, maoni na laiki zikiwa chungu kimoja. Ningelijua hilo mapema nisingeandika haya.

Muscat ndiko kulikokuwa na kazi kubwa. Nakala iliyogeuzwa kama kwenye kioo nilikwishaitoa siku ile ile, lakini ile ya kwanza kabisa bado ilikuwepo, na watu walikwishatumiana kiungo chake kwenye WhatsApp. Sikuifuta. Niliiweka "Unlisted", ili mwenye kiungo aendelee kuiona na anayetafuta asiikute. Kisha tukatengeneza video mpya kutoka picha zile zile. Dada alirekodi sauti yake akizungumza na mwanawe wa miaka saba, picha ya shangazi ikisimama kila neno jipya linapokuja. Ikawa dakika nne. Kichwa: "Loweka, saga, mimina: Kiswahili cha jikoni kwa watoto". Neno "mkate" halimo kwenye kichwa. Nililitoa kwa makusudi, na dada alihisi nimemnyima kitu, maana mkate wa kumimina ndio uliokuwa ukitafutwa Ramadhani ile. Nikamwambia anayeutafuta atampata shangazi, na shangazi chini ya video yake ana kiungo cha kuja kwako. Sura za video yake nazo zilifuata vitenzi, wala si hatua za upishi:

```
00:00 Loweka na lowa
00:50 Saga, saga tena
01:40 Umua na umuka
02:45 Mimina, funika, funua
```

Manukuu tuliyaandika kwa mkono pande zote mbili. Kwa shangazi ni maneno yake kama alivyoyasema. Kwa dada ni maneno machache, neno linalofunzwa likiandikwa peke yake kwenye mstari. Kwa hiyo hata maandishi yaliyo ndani ya manukuu hayafanani, ingawa mikono inayoonekana ni ile ile na sufuria ni ile ile.

Zile "Upload defaults" nilizisafisha siku hiyo hiyo. Kila video mpya ilikuwa ikizaliwa na aya ile ile ya makaribisho na tagi zile zile kabla sijaandika neno, na usiku ukiwa umechoka unabonyeza tu. Nimeacha mstari mmoja wa mawasiliano, nao uko chini kabisa. Jambo jingine dogo ni kwamba YouTube huchukua jina la faili na kulifanya kichwa cha kuanzia. Nilishawahi kusahau, na video ya shangazi ikaishi saa nzima ikiitwa "kumimina final final2". Sasa kila faili nalipa jina la kichwa chake tangu kwenye kompyuta, si kwa sababu mfumo unalijali, bali kwa sababu najijua.

Nikishamaliza nina jaribio langu. Nafungua kurasa zote kwenye simu, nafunika jina la akaunti kwa kidole gumba, namwonyesha mtu wa nyumbani kava na kichwa tu, namuuliza hii ni ya nani. Akikosea, au akisema "si ile ile tu?", narudi kwenye karatasi. Wiki mbili baadaye naangalia kwenye Studio, sehemu ya "YouTube search", watu waliandika nini mpaka wakafika. Orodha ya shangazi na ya dada zikianza kuwa na maneno yale yale juu, hapo najua zimeanza kula sahani moja tena. Kwa mkate ule ya shangazi ilijaa "vipimo", "tui", "mchele kiasi gani". Ya dada ilikuwa fupi, lakini ilikuwa yake: "maneno ya jikoni", "kiswahili kwa watoto". Na "mkate wa sinia" ilionekana kwa shangazi, jambo ambalo sikulitegemea, kwa sababu nililiandika mara moja tu katikati ya maelezo: "Mombasa huuita mkate wa sinia." Nilimwachia.

Kuna ambacho maneno hayakitibu, na nilimwambia dada mapema asije akanilaumu. Chaneli ikiomba kuingia kwenye mpango wa kulipwa, wakaguzi wanatazama chaneli yenyewe. Sera ya YouTube kuhusu maudhui yaliyotumiwa tena inasema wazi kwamba kuchukua video ya mwingine bila kuongeza cha maana kunakukosesha kulipwa hata kama mwenyewe amekuruhusu. Ruhusa ya shangazi, hata iandikwe na kutiwa sahihi, haisaidii hapo. Kinachosaidia ni sauti ya dada, maswali ya mwanawe, na ile picha kusimama neno linapofundishwa. Na kupandisha kitu kile kile mara kwa mara kwenye chaneli moja au nyingi kumetajwa kwenye sera yao ya spamu. Watu wanaoendesha akaunti kumi zenye video moja na vichwa kumi tofauti wananiuliza siku hizi niwaandikie vichwa. Huwauliza kwanza ni nani anayetazama akaunti ya saba. Bado sijapata jibu.

Wakati mwingine hata karatasi yangu inasema hapana. Tulirekodi kaimati mwezi uliofuata, na nilipojaza safu ya Muscat sikuwa na swali la kuandika. Vitenzi vilikuwa vile vile vya mkate. Kisanduku kikabaki kitupu, na kaimati zikabaki Unguja.

Wiki iliyopita nilikwenda kurekodi vibibi. Shangazi alikuwa amekwishasaga mchele, kanga zimepangwa kitandani achague. Nilipokuwa nafunga kamera kwenye stendi akaniuliza bila kugeuka:

"Huyo wa Mombasa, vibibi anaviita nini?"

Nikasema sijui, nitampigia.

"Mpigie kabla sijawasha jiko. Kama ana jina jingine nilitaje mwenyewe, nisije nikarudia tena kusema."